Stabu sambamba kwenye chati ya Smith

"Kebo ya omu 50, SWR 3. Nikiondoa antena na kufunga shoti, bonde la volti linahama robo wimbi. Stabu hailingani, nakosea wapi?"

Kaka, robo kamili inamaanisha antena yako ni omu 150, bila jX yoyote. Stabu ni sambamba, kwa hiyo vuka kitovu cha chati mpaka 0.33 kwanza, nadhani hapo ndipo ulipopotea. Zunguka kisaa, kuelekea redio, hadi duara la 1: wimbi 0.167, unasoma 1+j1.15. Stabu ilete −j1.15: ukifunga ncha yake shoti, anzia ukingo wa kulia, wimbi 0.114.

— Si apunguze stabu tu?

— Urefu unafuta +j1.15 peke yake. Ile 1 inaletwa na mahali unapoichomeka.

— Mimi nilisahau kuzidisha kwa 0.66 ya kebo, nikakata ndefu mno.