Shilingi ya Tanzania: reti ikiandikwa kinyume, hesabu inageuka

Wenzangu wa Mombasa mnaoenda Tanga na kurudi kupitia Lunga Lunga, tuongee kidogo kuhusu reti ya shilingi ya Tanzania, maana watu wanabishana bure pale dirishani. Kwenye ubao wa biro ya kubadilisha pesa, dola, pauni na euro zinaandikwa kwa shilingi zetu, mfano dola moja ni 129. Ukifika kwa Tanzania na Uganda inageuka, ile namba ni shilingi ngapi za kwao kwa shilingi moja ya Kenya. Hata Benki Kuu inaandika hivyo, KES / TSHS. Kwa hivyo dola unazidisha, ya Tanzania unagawa.

Tuseme umerudi na laki tatu na nusu za Tanzania na biro inanunua kwa 20.50. Kugawa kwa 20.50 kichwani ni kazi, sasa anza na 20: toa sifuri moja ubaki na 35,000, gawa kwa mbili, 17,500. Lakini reti imezidi 20 kwa nusu, yaani asilimia mbili na nusu, so punguza kiasi hicho. Asilimia kumi ya 17,500 ni 1,750, robo yake ni kama 437, toa, unapata 17,063. Jibu kamili ni 17,073, umepishana na shilingi kumi tu, na hiyo inatosha kabisa kujua kama unapewa haki yako. Ukiwa na simu, zidisha 17,073 mara 20.50 uone kama inarudi laki tatu na nusu.

Usifanye ile ya kugeuza reti kwanza, ati shilingi moja ya Tanzania ni 0.05 ya Kenya. Kamili ni 0.0487 na ushee, ukishaikata ikawa 0.05 unatoka na 17,500, mia nne na zaidi ambazo hakuna mtu atakupa.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokasirika. Kwa dola biro inanunua kwa namba ndogo na kuuza kwa kubwa, tumezoea hivyo. Kwa Tanzania ni kinyume, inanunua kwa 20.50 na kuuza kwa 19.50, kwa sababu ikichukua pesa zako inataka nyingi kwa kila shilingi yake moja, na ikikuuzia inakupa chache. Mtu anaona ile 19.50 anaidhania ndiyo ya kununua, anapiga hesabu anapata 17,949, akipewa 17,073 anasema ameibiwa karibu mia tisa. Hajaibiwa, amesoma upande usio wake. Ukienda safari na 15,000 za Kenya ndio unatumia 19.50, na hapo unazidisha, unapata 292,500.

Ubao ukikuchanganya, kabla hujatoa pesa mfukoni muulize tu jamaa wa dirishani, "Kwa shilingi moja ya Kenya unachukua ngapi zangu?" Akishakutajia namba, gawa kwa hiyo.