Kusini inaleta 1/0/1900: kasoro iko kwenye tarehe, si kwenye MINIFS

*Habari mtaalamu. Nina orodha ya mauzo ya kanda tatu: tarehe iko safu A, kanda safu B, kiasi safu C. MAXIFS inanipa mauzo ya juu ya kila kanda bila shida. Inayonisumbua ni MINIFS ya tarehe ya kwanza. Kusini inaleta 1/0/1900. Kaskazini inaleta 5/3/2024 wakati kwa macho yangu naona kuna ya tarehe 19 Januari. Mashariki peke yake imetoka sawa, 2/2/2024. Nimeandika =MINIFS(A2:A8,B2:B8,"Kusini") na kubadilisha jina la kanda tu. Nimekosea wapi? Orodha ni hii, kuanzia mstari wa 2:*

```
14/03/2024   Kaskazini   4200
2/2/2024     Mashariki   6100
19/01/2024   Kaskazini   3850
21/02/2024   Kusini      5300
5/3/2024     Kaskazini   6100
28/01/2024   Mashariki   2900
17/04/2024   Kusini      4750
```

Fomula yako haina kosa. Kasoro iko safu A, na samahani nikuharibie furaha kidogo: hata Mashariki haijatoka sawa. Tazama mstari wa 7. Kuna mauzo ya 28 Januari, ambayo yalitangulia yale ya 2 Februari. Hukulishtukia jibu hilo kwa sababu lilifanana na tarehe ya kawaida, na kwa kweli hilo ndilo kosa baya kuliko yote matatu. Lile la 1/0/1900 angalau linapiga kelele.

Excel haitunzi tarehe jinsi unavyoiona. Inatunza namba ya siku, na inahesabu 1 Januari 1900 kuwa siku ya 1. Kwa hesabu hiyo 19 Januari 2024 ni 45310. Maandishi unayoyaona kwenye seli ni vazi tu juu ya namba hiyo. MINIFS inatafuta namba iliyo ndogo kuliko zote kati ya mistari iliyotimiza sharti lako. Ikikuta seli yenye maandishi badala ya namba, inairuka kimyakimya. Ikiruka zote na kubaki mikono mitupu, inarudisha 0, na 0 ikivikwa vazi la tarehe husomeka 1/0/1900. Binafsi naona ingekuwa heri ilete alama ya kosa, lakini ndivyo ilivyotengenezwa, na MAXIFS nayo hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo seli zako zote mbili za Kusini ni maandishi. Kaskazini, mbili kati ya tatu ni maandishi. Mashariki ni moja kati ya mbili. Nimejuaje bila kuligusa faili lako? Angalia sifuri. Seli zinazosomeka 2/2/2024 na 5/3/2024 zimepoteza sifuri za mbele kwa sababu Excel imezitambua kuwa tarehe na kuzivika upya. Zile za 14/03/2024 na 19/01/2024 zimebaki herufi kwa herufi kama zilivyoingia. Kwenye laha yako utaona pia kwamba tarehe za kweli zimeegemea kulia mwa seli na maandishi yameegemea kushoto, isipokuwa kama kuna mtu aliyeweka safu nzima katikati ili ipendeze. Urembo huo umeficha makosa mengi.

Usikimbilie kugeuza maandishi kuwa tarehe ukadhani umemaliza. Jiulize kwanza kwa nini baadhi zilikubaliwa na nyingine zikakataliwa. Zilizokataliwa zote zina siku inayozidi 12: 14, 19, 21, 28, 17. Hiyo ina maana faili limeandikwa siku kwanza kisha mwezi, lakini kompyuta yako imepangwa kusoma mwezi kwanza. Ilipofika 14/03 ikatafuta mwezi wa 14, haikuupata, ikaiacha kama maandishi. Ilipofika 05/03 ikaona inasomeka vizuri tu, mwezi wa tano siku ya tatu, ikaipokea kwa makosa. Ile 02/02 imenusurika kwa bahati, maana ukiigeuza inabaki ileile.

Hakikisha mwenyewe. Bofya A6, kisha badilisha muundo wa seli kuwa General. Kama ni 5 Machi utaona 45356. Naamini utaona 45415, yaani 3 Mei. Kumbe lile jibu la Kaskazini uliloliona kuwa limechelewa kwa mwezi na nusu hivi, ndani ya Excel limechelewa kwa zaidi ya mitatu.

Orodha yako ina mistari saba na macho yanatosha. Ikiwa na maelfu, weka hesabu mbili kando ya kila kanda. Tuseme jina la kanda liko E2:

```
=COUNTIFS(B2:B8,E2)
=SUMPRODUCT((B2:B8=E2)*ISNUMBER(A2:A8))
```

Ya kwanza inahesabu mistari ya kanda, ya pili inahesabu ile tu yenye tarehe ya kweli. Kwako Kaskazini italeta 3 na 1, Mashariki 2 na 1, Kusini 2 na 0. Namba hizo zikipishana, usiamini MINIFS ya kanda hiyo hata kama jibu linavutia. Ila zikilingana bado hazikuhakikishii kwamba siku na mwezi havijabadilishana nafasi. Kwa hilo inabidi urudi kwenye chanzo.

Na kurudi kwenye chanzo ndiyo tiba ninayoipendelea. Faili la asili la CSV usilifungue kwa kulibofya mara mbili, kwa sababu tarehe huharibika wakati huohuo. Lifungue kwa Notepad ili uyaone maandishi yenyewe. Kwenye laha mpya, ipange safu A kuwa Text kabla ya kubandika chochote, kisha bandika humo tarehe. Zote zitakaa kama maandishi, na hapo ndipo tunapozitaka: hakuna iliyokwisha kutafsiriwa. Chagua safu hiyo, nenda Data, Text to Columns, bonyeza Next mara mbili, chagua Date na upande wake DMY, kisha Finish. Hapo umeiambia Excel waziwazi kwamba siku inatangulia, na mpangilio wa kompyuta hauna neno tena.

Kama chanzo kimepotea, kuna njia ya uokoaji. Zilizobaki maandishi zinakatwa vipande na kuundwa upya, na zilizokubaliwa zinabadilishwa siku kwa mwezi:

```
=IF(ISNUMBER(A2),
 DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),
 DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Iandike kwenye safu tupu, ivute hadi chini, nakili matokeo na uyabandike kama thamani juu ya safu A, ukiipa muundo wa tarehe. Ila iheshimu mipaka yake. Inafaa tu ikiwa mistari yote imetoka kwenye faili moja na kupitia njia moja. Kama kuna tarehe hata moja uliyoichapa kwa mkono ikawa sahihi, fomula hii itaiharibu. Na usiitumie mara ya pili juu ya safu iliyokwisha kurekebishwa. Itakapofika 19 Januari itageuza kuwa siku ya 1 ya mwezi wa 19, na DATE haitalalamika: itahesabu kwenda mbele na kukupa 1 Julai 2025.

Baada ya hapo fomula yako ileile, bila kuguswa, italeta 19 Januari kwa Kaskazini, 28 Januari kwa Mashariki na 21 Februari kwa Kusini. Badala ya kuandika jina la kanda ndani ya fomula mara tatu, lielekeze kwenye seli, na uyafunge maeneo kwa alama ya dola ili yasihame unapoivuta chini:

```
=MINIFS($A$2:$A$8,$B$2:$B$8,E2)
=MAXIFS($C$2:$C$8,$B$2:$B$8,E2)
```

Kama kompyuta yako hutenganisha vipengele vya fomula kwa nukta mkato, weka hiyo badala ya koma. Maeneo nayo yawe na urefu sawa. Ukiweka A2:A8 na B2:B9 utapata #VALUE!.

Hukuniuliza, lakini najua swali linalofuata: mauzo hayo ya juu yalifanyika lini? Wengi huchukua ile 6100 ya Kaskazini na kuitafuta kwa MATCH kwenye safu C. Kwenye orodha yako hiyo itakuangusha, maana 6100 ya kwanza kutoka juu ni ya Mashariki, mstari wa 3, na utapewa 2 Februari. MATCH haijui habari za kanda. Tumia MINIFS hiyohiyo kwa masharti mawili, ukichukulia kwamba jibu la MAXIFS liko F2:

```
=MINIFS($A$2:$A$8,$B$2:$B$8,E2,$C$2:$C$8,F2)
```

Inasomeka hivi: tarehe ya mapema kuliko zote ambapo kanda ni hii na kiasi ni hiki. Kwa Kaskazini inaleta 5 Machi. Kanda ikifikia kiasi hichohicho mara mbili, utapata siku ya kwanza ilipofikia. Ukitaka ya mwisho, weka MAXIFS mahali pa MINIFS.

Ukimtumia mwenzako faili hili na yeye akaona #NAME?, huenda ana Excel ya zamani. MAXIFS na MINIFS zimo kwenye Excel 2019 na zilizofuata, Microsoft 365, Google Sheets, na LibreOffice kuanzia toleo la 5.2. Mwenye Excel 2010, 2013 au 2016 ya kununua mara moja atumie hii:

```
=AGGREGATE(15,6,$A$2:$A$8/($B$2:$B$8=E2),1)
```

Ile 15 inaomba namba ndogo. Weka 14 kupata kubwa, na safu C mahali pa A kwa ajili ya kiasi. Ile 6 inaiambia iruke makosa, kwa sababu mistari ya kanda nyingine hugawanywa kwa sifuri na kugeuka kosa. Kanda isiyo na mstari wowote itakupa #NUM! badala ya 1/0/1900, na kwa hilo tu fomula hii kongwe inaishinda ile mpya.