Mandhari kuvuja nje ya uso, na pua kupotea

"Wakuu, nimeweka picha ya mandhari juu ya picha ya mtu aliyekaa upande. Mandhari inavuja hadi nje ya kichwa, na pua imepotea. Nakosea wapi?"

Mkuu, hayo ni makosa mawili tofauti, na yote yalinipata nilipompiga picha mpwa wangu hapa Dodoma.

Kwenye GIMP, leya ya mandhari ikiwekwa mode ya `Screen`, mwanga wa picha mbili huunganishwa. Palipo peupe kabisa hubaki peupe, na palipo peusi ndipo picha ya pili inapoingia. Mara ya kwanza nilimsimamisha mbele ya ukuta wa rangi ya krimu. Kwa macho ulionekana mweupe, lakini kwenye kompyuta ulisoma kama 200, wakati nyeupe kamili ni 255. Pengo hilo lilitosha matawi ya mbuyu wa mandhari yangu kuonekana hewani kama madoa ya chai.

Nikarudia. Nilianika shuka jeupe kwenye kamba, juani, na mpwa wangu akakaa kivulini barazani, shuka likiwa nyuma yake. Nilipima mwanga kwenye shuka lenyewe, kisha nikaongeza stopu 2, kwa sababu kamera ikiachwa yenyewe hulifanya shuka kuwa kijivu. Uso ukatoka mweusi, mstari wa paji, pua na midomo ukakatika safi. Kama huwezi kurudia kupiga, kwenye GIMP fungua `Colors > Levels`, vuta alama nyeupe ya kulia kuja kushoto hadi ukuta usome 255. Ila vinywele vyembamba vya pembeni vitaliwa.

Sasa pua. Mbingu ya mandhari yako ni nyeupe, na bila shaka imeangukia usoni. Nyeupe ya ndani ikikutana na nyeupe ya nje, mpaka unakufa. Nilikuwa na picha ya mbuyu usio na majani, niliyoipiga njia ya Mvumi saa moja asubuhi, jua likiwa nyuma ya shina. Niliisogeza na kuizungusha mpaka shina lenyewe, pamoja na makunyanzi ya gome lake, likakaa kuanzia paji hadi kidevu. Mbingu nikaipeleka kisogoni, ambako mstari ukififia kidogo hupendeza. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Mimi nilitumia karibu saa nzima kusogeza tu.

Ukitaka matawi yatokeze nje kama nywele, `Screen` haitakupa, maana nje ni kweupe. Nakili leya ya mbuyu, ibadilishe iwe `Multiply`, iwekee maski nyeusi, kisha paka nyeupe kwa brashi laini juu ya matawi ya kisogoni pekee. Mbingu ikiacha ukungu wa kijivu kuzunguka matawi, rudi `Levels` uisukume hadi 255.

Jicho nililirudisha mwishoni: maski kwenye leya ya `Screen`, brashi nyeusi, nguvu asilimia 40. Nilipoizidisha, jicho lilionekana limebandikwa juu ya gome.