Sura ya kwanza yenye majina kumi na saba na jogoo mmoja

"Wakuu, riwaya yangu inaanza asubuhi kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga, huko Kireka. Mwenye nyumba amekuja kudai kodi, wapangaji wote wanatoka nje. Nimewataja watu kumi na watatu katika kurasa saba. Wasomaji watatu wameniambia wanapotea. Nimeongeza orodha ya wahusika mwanzoni lakini bado wanalalamika. Siwezi kumtoa hata mmoja, kila mtu ana kazi yake mbele. Nifanyeje?"

Orodha iondoe leo hii. Kwenye tamthilia ina kazi, maana kuna watu wanaogawana nafasi na kuzikariri. Msomaji wa riwaya akishaanza kurudi mwanzoni kuangalia nani ni nani, ujue sura yenyewe imeshindwa kumwambia.

Kuhusu kutomtoa mtu, sikulazimishi. Wabaki wote kumi na watatu. Kinachotoka ni majina.

Nilikuwa na ugonjwa huohuo, na wangu ulikuwa mkali zaidi. Mswada wangu ulianza kwenye kwanjula, upande wa Masaka. Kijana wa Busia, Wandera, amekwenda na watu wake kujitambulisha kwa akina Sanyu. Unazijua kwanjula: mahema mawili yanatazamana, wasemaji wawili wanapigana kwa maneno, wasichana wanatoka kusalimu fungu baada ya fungu, senga, shangazi wa bibi harusi, anakuja kumtafuta bwana harusi aliyefichwa kati ya wenzake. Nilitaka msomaji aone kila kitu. Kwa hiyo nikamwandikia kila kitu.

Dada mmoja anayeuza vitenge karibu nami hapa Busia alinisomea. Aliponirudishia karatasi akaniuliza, "Huyu Nalongo na Mama Wasswa wanagombania nini?" Nilishangaa. Nalongo na Mama Wasswa ni mtu mmoja, mama mzazi wa Sanyu! Nikachukua kalamu nyekundu na kuzungushia kila jina mahali lilipotokea kwanza. Yalikuwa kumi na saba katika kurasa tisa, lakini watu walikuwa kumi na wanne tu. Mama huyu peke yake alibeba majina manne: Nalongo kwa majirani, Mama Wasswa kwa mumewe, Mama Sanyu kwa wageni, na Teopista kwa wifi yake. Ndivyo tunavyoishi Uganda, hakuna mtu mwenye jina moja. Lakini msomaji kwenye ukurasa wa pili hajui desturi ya nyumba ile, naye huhesabu kila jina kuwa mtu mpya.

Kalamu hiyo ilinionyesha jambo jingine nililokuwa silioni. Wasichana wangu waliotoka kusalimu walikuwa Nakato, Nansubuga na Nalubega. Majina mengi ya kike ya Kiganda huanza na Na-, na jicho linalokimbia huona kichwa cha neno na urefu wake, basi. Kwa wenzetu wa kaskazini ni vivyo hivyo, Okello, Ojok na Okot wakisimama mstari mmoja ni kama pacha watatu. Ukitaka kuwaweka wawili wenye herufi moja, mmoja mcheleweshe sura nzima, au mwite kwa jina lake la ubatizo, au kwa kazi yake.

Sasa soma sentensi hii niliyoiandika mwenyewe nikiwa na akili timamu: "Wandera aliketi kati ya Barasa na Ouma, huku Nakato, Nansubuga na Nalubega wakipiga magoti mbele yao, na Mukasa akamnong'oneza Kaggwa kwamba amemwona akimpa bahasha." Majina manane. Na mwishoni, nani amemwona nani akimpa nani? Hapa kuna shida ya lugha yetu ambayo miongozo ya uandishi ya Kiingereza haiwezi kukuonyesha, maana wao wana neno moja la mwanamume na jingine la mwanamke. Sisi tuna a- na -m-, mwanamume ni a-, mwanamke ni a-, mtoto ni a-. Wakiwa wawili kwenye tukio, msomaji hapotei. Wakifika wanne, "amemwona akimpa" inakuwa fumbo, nawe unalazimika kurudia majina kila mstari, na majina yanazidi kujaa. Ndiyo maana umati katika Kiswahili hulemea haraka.

Dawa niliyoipata imo ndani ya lugha hiyohiyo. Mtu mpe kitu cha ngeli nyingine, kisha kiache kitu kifanye kazi. Baba mkubwa wa Sanyu nilimpa mkongojo. "Mkongojo ukagonga chini mara mbili" haiwezi kuchanganywa na mtu yeyote, u- imekwisha kumtambulisha, na jina lake halijatajwa. Msemaji wao nilimpa koti linalombana mabegani: koti likasimama, koti likageuka. Usifanye hivyo kwa kila mtu, itakuwa duka la nguo. Mimi niliishia na watatu.

Baada ya hapo nikachora jedwali kwenye daftari. Safu ya kwanza jina, ya pili: mtu huyu anafanya nini katika sura hii ambacho kisipofanyika sura inaanguka? Si "ni mjomba wake" na si "atakuja kumsaliti sura ya kumi". Anafanya nini hapa. Sura yangu ilikuwa inaelekea kwenye jambo moja: muko, kaka wa bibi harusi, anakataa kupokea jogoo. Kwa wasiojua, jogoo wa muko akikataliwa shughuli inakwama, hata mkileta ng'ombe na gomesi za kujaza chumba. Basi nani anahitajika ili jogoo akataliwe? Wandera, kwa kuwa tunaona kwa macho yake. Kato, anayekataa. Senga, anayejaribu kumbembeleza Kato na kushindwa. Sanyu anatajwa kwa kuwa ndiye aliyewaleta, ingawa haonekani mpaka mwisho. Watu wanne. Wengine kumi wote safu ya pili ilikuwa tupu, au nimeandika "yupo."

Na si hao wanne wote waliingia pamoja. Wandera mstari wa kwanza. Sanyu kwenye wazo la Wandera, nusu ukurasa baadaye. Senga ukurasa wa tatu, naye sikumpa jina, "senga" inatosha kwa kuwa kwenye kwanjula yupo mmoja anayefanya kazi ile. Kato ukurasa wa sita, na hakutajwa kabla ya kutenda. Kwanza mkono unarudisha jogoo, kisha sauti ya mama inasema, "Kato, mwanangu, usituaibishe." Jina limekuja likiwa jibu la swali ambalo msomaji ameshaanza kujiuliza: ni nani huyu? Jina la namna hiyo halisahauliki. La kutangulizwa, "Kato, kaka yake Sanyu, mwalimu, mrefu, mwenye hasira", linapita kama tangazo la redio.

Sentensi ile ya majina manane ikawa hivi: "Wandera aliketi katikati ya wajomba zake, kanzu ikimkaba shingo. Wasichana wakatoka, wakapiga magoti, wakasalimu, wakarudi ndani. Hakuna aliyemtazama." Wasichana wako palepale, wote watatu. Wamekuwa kundi, na kundi msomaji hulibeba kama mtu mmoja. "Upande wa kike ukacheka" ni mhusika mmoja.

Nilikosea njiani, nikuambie ili usipite humo. Rasimu ya pili nilifurahia dawa mpaka nikawafuta wote: yule mzee, mama mmoja, kijana fulani. Yule dada wa vitenge akasema safari hii hachanganyikiwi, ila hajui amwangalie nani. Nilikuwa nimewavua majina bila kuwaachia alama. Mtu atakayerudi baadaye akiwa na uzito lazima sura ya kwanza imwachie kitu kimoja cha kukumbukwa, na kitu hicho kirudi siku anapopata jina. Mzee wa mkongojo alipata jina sura ya nne, anapokuja Busia usiku kuzungumzia shamba lililouzwa. Wandera anasikia kwanza mkongojo kwenye saruji ya veranda. Msomaji anamtambua kabla Wandera hajafungua mlango.

Wajomba nao walipata majina sura ya pili, ndani ya gari la kurudi. Kutoka Masaka, kupitia Kampala, Jinja, Iganga, Bugiri hadi Busia ni saa nyingi, jogoo aliyekataliwa yuko chini ya kiti, na watu wawili wanagombana: Barasa anataka warudi kesho na ng'ombe wa pili, Ouma anataka wamsahau msichana. Wakiwa wawili tu na wana msimamo tofauti, majina yao yalikaa bila juhudi. Mama wa watu alibaki "Nalongo" pekee hadi sura ya tano, wifi yake anapomwita Teopista kwa dharau, na hapo jina la pili ni tukio lenyewe.

Kupima, usimuulize msomaji kama ameelewa, atakuonea haya. Mpe sura leo, kesho mwambie akusimulie bila karatasi. Andika anavyowaita watu. Akisema "yule aliyerudisha kuku" badala ya Kato, usihuzunike, mtu huyo amekaa. Wa kuogopa ni yule asiyetajwa kabisa, au anayetajwa kwa kazi ya mtu mwingine.

Sasa Kireka yako. Kodi inadaiwa, nani asiyekuwa nayo? Naanza kwa kudhani ni mmoja ambaye riwaya ni yake. Mlango wake ndio ufunguke kwanza, yeye apate jina, na mwenye nyumba abaki "lendilodi" kama wapangaji wanavyomwita. Wa tatu awe yule atakayemkopesha au kumchongea asubuhi hiyohiyo. Wengine kumi wasikike: redio ya chumba cha pili, mtoto analia, mtu anapiga kelele kwamba umeme wa yaka umekwisha na chai haijachemka. Na kama kuna mlango mmoja ambao lendilodi anaupita bila kugonga, usitueleze sababu. Uache umefungwa mpaka sura ya tatu.