Hamsini zimeadimika: nikipandisha bei au nikishusha, nani anaumia?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina duka la mahitaji ya nyumbani Buhongwa, Mwanza. Sarafu za hamsini sizipati kabisa, na bei zangu nyingi zinaishia na hamsini: sukari robo 750, sabuni kipande 450, kipimo kidogo cha mafuta 350. Nimeamua kila kitu nakipandisha hadi mia inayofuata. Wateja wengine wanalalamika kwamba nawaibia, mume wangu naye anasema nishushe tu. Kwa hesabu, nani anapata na nani anapoteza?

Jibu: Marahaba, dada. Anza na mteja mmoja aliyechukua vitu vyote vitatu ulivyotaja. Bei halisi ni 750, 450 na 350, jumla 1,550. Wewe unapandisha kimoja kimoja, kwa hiyo unamtoza 800, 500 na 400, yaani 1,700. Amelipa 150 zaidi. Ungejumlisha kwanza kisha ukapandisha mara moja mwishoni, angelipa 1,600, na tofauti ingekuwa hamsini moja tu. Sasa mwangalie mwingine aliyechukua sukari na sabuni pekee: 750 na 450 ni 1,200 kamili. Huyo hahitaji sarafu ya hamsini hata moja, lakini kwa utaratibu wako analipa 1,300. Hapo wanaolalamika wana haki, maana ile mia haikutokana na uhaba wa chenji. Kwa hiyo jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: usiguse bei ya kitu kimoja kimoja. Jumlisha kwanza. Hamsini mbili zikikutana zinamalizana zenyewe.

Baada ya kujumlisha, bado wapo ambao jumla yao itaishia na hamsini. Shuleni tulifundishwa kukadiria kwa mamia yaliyo karibu, lakini hapa kanuni hiyo haikusaidii. Hamsini iko katikati kabisa, haiko karibu na mia ya chini wala ya juu. Ukifuata desturi ya darasani kwamba hamsini hupanda, basi kila anayekadiriwa anapandishiwa, na faida yote inakuja kwako. Ukifuata ushauri wa mume wako, hasara yote ni yako. Wateja 40 kwa siku wenye jumla ya namna hiyo ni shilingi 2,000, na kwa siku 30 ni 60,000. Kwa duka la mtaani hiyo ni hela ya kuhesabika, iende upande wowote.

Kushusha kila mara kunaumiza kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hamsini hiyo haitoki kwenye mauzo, inatoka kwenye faida. Kitu ulichonunua kwa jumla 1,100 na kukiuza 1,150, ukikishusha hadi 1,100 umefanya kazi ya bure. Ukikipandisha hadi 1,200, faida yako imekuwa mara mbili. Na upande wa mteja mzigo haulingani. Anayenunua vitu vya 18,350 akipandishiwa hamsini hahisi kitu. Mama anayemtuma mtoto mafuta ya 350 ameongezewa asilimia 14, na kesho atamtuma tena. Anayenunua sukari robo mara nne kwa wiki analipa 3,200 kwa kilo ambayo mwenye hela ya kununua kilo nzima anaipata kwa 3,000. Kupandisha kunamkamua anayenunua kidogo kidogo, ambaye ndiye mteja wako mkubwa. Mimi siwezi kukushauri uendelee hivyo.

Njia ya haki zaidi ni kupeleka hamsini kwenye mia iliyo shufwa. Jumla ya 350 inakuwa 400, 450 nayo inakuwa 400. 550 na 650 zote zinakuwa 600. 750 na 850 zote zinakuwa 800. Nusu zinapanda, nusu zinashuka, na hakuna anayeamua kwa kumwangalia mteja usoni. Andika utaratibu huo kwenye karatasi, ubandike panapoonekana.

Ila utaratibu huo una udhaifu unaopaswa kuujua. Unasawazisha mambo pale tu jumla zinapotofautiana. Kama wengi wanaingia kuchukua sukari robo peke yake, kila mmoja atapanda kutoka 750 hadi 800, na utakuwa umerudi kule kule. Bei za dukani hazitokei kwa bahati, umezipanga mwenyewe. Na kuna wajanja: vipande viwili vya sabuni ni 900, lakini akija mara mbili analipa 400 na 400. Ili ujue hali ilivyo, chora safu mbili kwenye daftari la mauzo, moja ya zilizopanda na nyingine ya zilizoshuka, na uweke alama kila unapokadiria. Baada ya wiki, safu moja ikiwa ndefu mno kuliko nyingine, kuna bidhaa moja au mbili zinazosababisha. Alama hizo pia zitakueleza kwa nini hela ya kwenye droo haikulingana na mauzo jioni.

Bidhaa hizo chache zitibu kwa kubadilisha kipimo badala ya bei. Wauza samaki na dagaa wanafanya hivyo kila siku: fungu ni la 500 au la 1,000, samaki wakipanda bei fungu linapungua, wakishuka linaongezeka, na chenji haisumbui mtu. Sukari yako ni 3,000 kwa kilo. Badala ya robo ya 750, uza ya 800, lakini upime gramu 267, kwa kuwa 800 ukigawanya kwa 3,000 unapata kilo 0.267. Kwa mawe ya mizani huwezi kupata uzito huo. Unahitaji mizani ya kidijitali, na hakikisha imekaguliwa na kuwekewa stika na Wakala wa Vipimo. Kama mizani yako inasoma kwa hatua za gramu tano, utachagua kati ya 265 na 270. Kwenye 265 unabaki na shilingi tano za mteja, kwenye 270 unampa kumi zako. Mimi ningempa 270, kwa sababu ndiye niliyembadilishia kipimo alichokizoea. Atakayetaka robo kamili ya gramu 250 apimiwe, na jumla yake ifuate utaratibu wa karatasi.

Pipi na kiberiti badala ya chenji viache, labda mteja aombe mwenyewe. Pipi unayoihesabu hamsini uliinunua kwa chini ya hapo, kwa hiyo umemuuzia kitu ambacho hakukiomba na ukapata faida juu yake. Anayelipa kwa simu alipe jumla halisi, 1,550 iwe 1,550, maana kwake hakuna sarafu inayokosekana. Lakini angalieni makato kwanza. Kwenye manunuzi madogo yanaweza kuzidi hamsini mnayoigombania.

Sarafu zenyewe, jaribu makonda wa daladala jioni wanapofunga hesabu, au mtunza hazina wa kanisa au msikiti baada ya sadaka. Mpe noti, akupe sarafu, thamani kwa thamani.

Na kila bei ya kilo ikibadilika, rudia hesabu ya gramu. Sukari ikifika 3,200 kwa kilo, ya 800 inakuwa gramu 250 kamili, robo ile ile waliyoizoea. Andika gramu mpya kwenye karatasi ya ukutani siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kupima.