Ukiomba andalio la somo, sema la darasa gani

Wanachuo wanaokuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha huniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu, naomba andalio la somo la sehemu." Mwaka wa kwanza wa ulezi wangu nilikuwa nampa mtu nililonalo, basi.

Mmoja nilimpa andalio langu la darasa la tano: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kama 1/2 + 1/3, kwa kutafuta KDS. Nililiandaa kwa vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kila mtoto akiwa na karatasi yake ya rangi na mkasi. Yeye alipangiwa darasa la tatu, kipindi kimoja cha dakika 40, watoto 92, na alichokuwa nacho ni ubao na chaki. Aliligundua hilo akiwa tayari mbele ya darasa. Akaandika 1/2 + 1/3 ubaoni, na watoto wakajibu kwa sauti moja: 2/5! Walijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Hawakuwa na kosa; hata robo walikuwa hawajafundishwa.

Angeniandikia hivi tungeelewana: "Darasa la tatu, Hisabati. Mada ndogo ni nusu na robo, jana walijifunza nusu tu. Dakika 40. Wako 92, madawati 23, wanakaa wanne wanne. Nina ubao, chaki na daftari moja kuukuu." Ile sentensi ya jana ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayoniambia utangulizi uwe nini.

Ona namna maelezo hayo yanavyolijenga andalio lenyewe. Daftari la kurasa 48 lina karatasi 24, kwa hiyo kila dawati linapata moja, na moja inabaki ya mwalimu kuonyeshea. Dakika 5 kukumbushana nusu. Dakika 15 kugawa karatasi na kukunja: mkunjo wa kwanza nusu, wa pili robo. Usizipunguze hizo, maana kugawa peke yake kunakula muda, na lazima upite kwenye madawati kutazama mikunjo. Patakuwepo na karatasi yenye vipande vinne visivyolingana na mtoto anayeapa kwamba kila kimoja ni robo. Inyanyue darasa zima waione, kwa kuwa usawa wa vipande ndio somo la siku hiyo. Dakika 15 wachore na kutia kivuli robo moja kwenye madaftari yao. Zinabaki 5 za maswali ya mdomo. Madaftari 92 hutayasahihisha ndani ya kipindi, yapeleke ofisini.

Ungekuwa na watoto 30 na karatasi za kutosha, ningekuandikia jingine kabisa, kila mtoto akunje ya kwake.

Siku hizi anayeniomba bila maelezo hayo namrudishia swali moja tu: jana uliishia wapi? Asiyejua, namtuma kwanza kwa mwalimu wa darasa.