Mauzo yapo, pesa haionekani

"Nauza vifaa vya ujenzi jumla Kariakoo, wengi mali kauli ya siku 30. Mauzo hayajashuka, ila pesa sizioni."

Ndugu, gawa madeni unayowadai wateja leo kwa mauzo ya mkopo ya miezi mitatu, zidisha kwa 90; utapata wastani wa siku wanazochukua kukulipa. Mauzo ya taslimu yaache, yataficha ugonjwa. Madeni milioni 12 kwa mauzo ya milioni 36 ni siku 30. Madeni yakifika milioni 18, ni siku 45. Hapo wateja wanazungusha pesa yako. Ila kama uliuza sana mwezi wa mwisho, namba hupanda bila mtu kuchelewa, kwa hiyo panga madeni kwa umri, mteja mmoja mmoja. Anayechelewa peke yake, msimamishie mzigo. Wakichelewa wengi, unakopesha ovyo. Deni likipita siku 90, mwone mwanasheria.